Rafiki anasafiri, na ninyi mnamletea dumu

Ijumaa iliyopita hapa kazini Ujerumani tulimuaga mwenzetu anayehamia Kanada. Zawadi yake ilikuwa kadi moja iliyoandikwa na watu kumi na wanne, kila mmoja sentensi yake, na ndani yake picha yetu ndogo. Akaitia mfukoni mwa koti, akapanda baiskeli, akaenda zake. Nilicheka moyoni: wabahili hawa! Nilipofika nyumbani nikaona wivu.

Maana mimi niliagwa Kigoma, na mnajua Kigoma tunavyoaga. Mama mdogo alileta dumu la mawese, lita 5. Jirani akaleta dagaa kwenye kiroba, shangazi embe, rafiki yangu wa utotoni kuku wa kukaanga. Mzani ulipowekwa, begi lilikuwa limeshapita kilo 23 za tiketi yangu kabla sijaweka kiatu. Mawese peke yake yalikula karibu kilo 4 na nusu, yaani moja ya tano ya begi zima.

Tuliyapunguza, tukatia kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, tukaacha nafasi juu "yasimwagike". Kosa lenyewe ndilo hilo. Treni hadi Dar ilikuwa joto na mawese yakawa maji kabisa. Angani, hewa kwenye chumba cha mizigo hupungua mgandamizo, ile iliyofungiwa chupani inatanuka na kutafuta pa kutokea, na chupa ikiwa imelala, kinachotoka kwanza ni mafuta. Nilifungua begi nikakuta shati jeupe la kuripotia chuoni limekuwa rangi ya chungwa kuanzia kola hadi kiuno. Chupa yenyewe ilionekana nzima. Hiyo ndiyo dalili: ukikuta chupa haijapasuka lakini shingo inateleza, kifuniko kimevuja.

Najua mtakavyosema. "Kashakuwa Mzungu, anadharau mawese." Nani kadharau? Mawese ninayopata dukani huku yamesafishwa mpaka hayana harufu, na nimelipia bei ya kuku. Nayataka! Ila nipeni robo lita, mminye chupa mpaka mafuta yafike mdomoni, ndipo mfunge, mzungushie utepe wa gundi, mtie mfuko wa zipu, halafu mwingine. Na yakae begi kubwa. Kwenye begi la mkononi chupa inayozidi mililita 100 huwa inachukuliwa ukaguzini, na hapo hakuna wa kumbembeleza.

Dagaa ndio zawadi kwa anayekuja huku, na hapa najivuna bila aibu. Umoja wa Ulaya haumruhusu abiria kuingiza nyama wala maziwa kutoka kwetu, hata ikiwa imekaushwa au kukaangwa (pole, rafiki yangu, kuku wako tulimla Dar). Embe nazo zinadai cheti cha afya ya mimea. Lakini samaki waliokaushwa unaruhusiwa, hadi kilo 20. Nusu kilo inatosha mwezi. Nunueni waliokaushwa juu ya chanja, si waliotandazwa mchangani. Tafuna mmoja palepale sokoni, meno yatakuambia kama kuna mchanga. Mvunje mwingine: akikatika kwa mlio amekauka, akipinda ataota ukungu njiani. Wachambueni vichwa, watieni kwenye kopo lenye kifuniko. Kama kopo lilikuwa la maziwa ya unga, bandueni karatasi yake, muandike kwa Kiingereza kwamba ni samaki wakavu. Msimwache mtoto wa watu aanze kueleza maziwa yasiyokuwepo.

Mwingine atasema zawadi ndogo ni uchoyo, utu wetu uko wapi. Ndugu yangu, dumu lile tulibeba ili mtoaji aonekane amebeba! Anayelipia kilo za ziada ni msafiri. Doti moja ya kanga haifiki hata kilo: ukiikata mapande mawili unapata taulo, shuka la dharura, pazia la chumba kisicho na pazia, kitambaa cha kujifunga kichwani baridi ikianza. Na ina maneno yake, kwa hiyo kadi yako umeshaandika. Mimi nililetewa doti moja tu, na binamu aliyeona haya kutoa "kitu kidogo hivi". Shati nilitupa. Kanga ile iko dirishani hadi leo.

Mdogo wangu anasafiri Septemba. Nimempigia mama mdogo simu, nikamweleza yote haya taratibu, la kanga, la kopo, la robo lita. Akanisikiliza vizuri, akaitikia kila neno. Kisha akauliza: "Sasa mwanangu, dumu lile la lita 5 nililokwisha nunua nimpe nani?"