Anayeanza planki aanze na vigasha

Jioni maji yanapokupwa, wengi wanaofanya mazoezi katika ufuo wa Shela huanza planki, zoezi la kuukaza mwili ukiwa umenyooka kifudifudi bila kusogea, kwa mikono iliyonyooka, kwa kuwa huo ndio mkao waliouzoea wa pushapu. Kwa mtu anayeanza, ambaye anataka nguvu za tumbo, mbavu na kiuno, mimi naona planki ya vigasha, ile ya kuegemea viwiko, inamfaa zaidi.

Mikono inaponyooka, mabega huwa juu na mwili hukaa mshazari, hivyo uzito unaokivuta kiuno chini hupungua, huku mabega na misuli ya nyuma ya mikono ikibeba kazi kubwa. Ukishuka kwenye vigasha, mwili hukaribia kulala sambamba na ardhi, na tumbo hulazimika kukaza zaidi ili kiuno kisibonyee. Tena vifundo vya mikono hupumzika, jambo lenye uzito kwetu, kwani katika mchanga laini kitako cha kiganja huzama na kifundo hukunjwa kupita kiasi.

Fundi cherehani mmoja wa Langoni niliyemsimamia aliweza kukaa dakika nzima kwa mikono iliyonyooka. Nilipomuuliza alichoka wapi, alitaja mabega na vifundo. Tumbo hakulitaja kabisa. Tulipotandika mkeka akaegemea viwiko, kiuno chake kilianza kubonyea baada ya sekunde 15 hivi. Kwa hiyo tulikomea sekunde 10, akapumzika sekunde 10, akarudia mara tano, siku tatu kwa wiki. Viwiko vilikaa chini ya mabega barabara, makalio yakakazwa, naye akaendelea kupumua. Kila mzunguko wa mwisho ulipofanana na wa kwanza kwa unyoofu, ndipo tulipoongeza sekunde tano. Sioni faida ya kumshindanisha anayeanza na saa, kwa sababu kiuno kikishabonyea mzigo huhamia kwenye maungio ya mgongo, na mtu huutambua kwa maumivu ya chini ya mgongo. Makalio yakipanda juu, au pumzi ikizuiwa, hiyo nayo ni dalili kwamba tumbo limechoka.

Hata hivyo, asiyeweza kukaa sekunde 10 kwenye vigasha asilazimishwe. Huyo aweke viganja kwenye ukingo wa baraza, mikono ikiwa imenyooka na miguu ikiwa chini. Kadiri baraza lilivyo juu, ndivyo mzigo unavyopungua, na anaweza kushuka kidogo kidogo mpaka afike kwenye mkeka. Planki ya mikono iliyonyooka sakafuni ningemwongezea baadaye, akishakaa sekunde 30 kwenye vigasha bila kubonyea, hasa akiwa anakusudia pushapu, na hapo aisukume ardhi ili mabapa ya mabega yasichomoze mgongoni.