Asilimia kumi kwa kila kitu? Mimi nimeshaacha

Kila ukienda kununua taili utaambiwa piga eneo la chumba ongeza asilimia kumi basi. Nilifuata hiyo, ikaniacha katikati ya kazi, sasa nasema wazi kwenye taili hiyo kumi ni ya kubahatisha tu.

Chumba changu kilikuwa mita 3.2 kwa 3.7, taili za 60 kwa 60, ambazo boksi lina vipande 4. Kwa eneo ni kama taili 33, ukiongeza kumi unapata 36 na ushee, nikachukua maboksi 10, yaani 40, nikajiona mjanja kabisa. Fundi akaanza kupima na kamba akaniambia bosi, nikianzia ukutani kule mwisho kitabaki kipande cha sentimita 8, kitaonekana kama kiraka, bora tugawe kati. Kweli ikapendeza, ila kila pembeni pakawa pa kukata: upande wa mita 3.7 kipande cha 34 kila mwisho, upande wa 3.2 cha 39, na masalia ya sentimita ishirini na kitu hayaingii popote. Yaani safu 6 za taili 7, jumla 42! Hapo ni karibu asilimia 28 juu ya eneo, na bado moja ilipasuka wakati wa kukata. Nikarudi dukani kuongeza boksi, namba ya shedi, yaani ya rangi, imebadilika, mpaka leo nyuma ya mlango pana taili zilizofifia kidogo (wageni hawaoni, mimi naona kila siku).

Sasa chumba cha pili, 3.3 kwa 4.1, ni kikubwa zaidi lakini kilikula 39 tu, sababu nusu taili ilitosha upande mmoja na nusu ya pili ikatumika safu hiyohiyo. Wastage kama asilimia 4. Nyumba moja, taili moja, fundi mmoja. Kwahiyo chora kwanza, hesabu vipande, halafu ndo uongeze kama boksi moja la kupasuka na la akiba, na hilo la akiba usirudishe dukani.

Nondo nazo usizipigie asilimia. Ya mita 12 ukitaka vipande vya 3.5 unapata vitatu, inabaki mita 1 na nusu, hesabu hiyo unaijua kabla hujalipa.

Mchanga ndo pekee naongeza kwa makadirio, na huwa naweka hata 15, maana ukimwagwa juu ya udongo ile tabaka ya chini hakuna fundi atakayeichota, mvua ikinyesha unaondoka na mtaro. Ukitandika turubai au mabati chakavu kabla lori halijashusha, unaweza kushuka mpaka 5 hivi. Simenti naongeza mfuko mmoja au miwili wa kuchanika wakati wa kushusha, zaidi ya hapo zitaganda stoo.