Fundi, si utamalizia tu na ukuta wa fensi?

"Nimekubaliana na mama mmoja kupaka vyumba vitatu na sebule, ufundi 450,000, rangi ananunua mwenyewe. Kanipa advansi 200,000. Leo siku ya tatu ananiambia fundi si utamalizia tu na ukuta wa fensi, ni kidogo tu, kama mita 20. Nikikataa naogopa hela iliyobaki, nikikubali nakula hasara. Wenzangu nifanyeje?"

Kaka, kwanza mwelewe huyo mama. Anaona brashi zipo, rola ipo, wewe mwenyewe upo hapo getini kila asubuhi, na sisi wote tumezoea sokoni ukinunua fungu la nyanya unadai nyongeza na unapewa, kwahiyo kwake hajakudhulumu, kaomba nyongeza. Na kuna ukweli ndani yake, ukiwa tayari upo saiti hulipi nauli upya wala hutafuti kazi nyingine, unaweza kumfanyia nafuu kuliko fundi atakayeitwa mwezi ujao. Mafundi wanaosema kataa tu kazi ni kazi wanasahau kwamba mtaani wateja tunaletewa na wateja.

Lakini nyongeza ni nyanya moja, sio fungu la pili. Chukua futikamba upime. Mita 20 kwa urefu wa mita 1.8 ni skwea mita 36, na hapo ni upande mmoja tu, hajasema kama anataka na wa nje, muulize. Makoti mawili ni 72. Ukuta laini lita moja inaenda kama skwea mita 10, ila plasta ya fensi nyingi ni ya kukwaruza, inakunywa, mi huwa nahesabu 6, kwahiyo ni lita 12 na praima bado. Alafu usikubali atumie ile rangi ya ndani iliyobaki, mvua na jua vitaibabua na atakayeitwa ni wewe. Pale chini ukiona unga mweupe kama chumvi ujue ukuta una unyevu, ukipaka juu yake inabanduka.

Mimi yalinikuta. Nilimpakia mteja kibaraza bure, nimetumia mabaki ya rangi ya ndani, sikuandika popote. Mvua mbili tatu ikaanza kutoka magamba, yule bwana akashikilia hela yangu ya vyumba kwa sababu ya kibaraza ambacho hakukilipia hata senti. Iliniuma sana, maana vyumba vilikuwa visafi. Tangu hapo kazi ya bure siioni kama bure, unabeba lawama yote bila kulipwa.

Sasa hesabu yako: kukwangua na kusafisha siku moja, praima na koti la kwanza siku ya pili, la mwisho siku ya tatu. Kama siku yako ni 35,000 na ya saidia fundi 20,000, inakuja 165,000. Nafuu ya kuwa hapohapo toa hapo, sema 150,000, na mwambie umepunguza kiasi gani. Mtumie kwenye simu, maneno ya mdomo yanapotea:

"Mama shikamoo. Vyumba vitatu na sebule namaliza Ijumaa kama tulivyokubaliana. Ukuta wa fensi haukuwemo, nimeupima. Upande wa ndani ufundi ni 165,000, kwa kuwa nipo hapa nakufanyia 150,000, siku tatu. Rangi ya nje lita 12 na praima unanunua wewe. Ukikubali naanza Jumamosi kwa advansi ya nusu. Usipotaka sasa hivi hakuna shida, ya ndani inaendelea vilevile."

Hilo la mwisho usilikate. Likiwepo, 250,000 yako haijafungwa na fensi, wala yeye haoni kama unamtishia.

Kuna mahali hii haifai kabisa. Michirizi ya rola, matone kwenye tailizi, kona iliyoonesha rangi ya zamani, hayo ni madeni yako, ukimtajia bei utakuwa unamwibia. Na kama siku ya kwanza mlisema "nyumba yote" bila kuhesabu vyumba, hapo una kesi dhaifu, itabidi mkutane katikati. Mlango wa stoo wa nusu saa mpe tu, ila mwambie huu ni 15,000 nakuachia, ajue una bei.

Akijibu "fundi umebadilika" usianze kubishana, mwambie bei ipo palepale akiwa tayari. Na hiyo meseji itume kabla hujagusa ule ukuta, ukishakwangua hata mita moja kwake umeshaanza kazi.