Tafsiri ya cheti ni kazi ya mfasiri aliyeapishwa, si ya binamu anayejua Kijerumani

Wakongomani wengi tunaofika Ujerumani tunabeba karatasi mbili za Kifaransa: cheti cha kuzaliwa na diploma ya serikali ya kumaliza sekondari. Ofisi za huku zinazitaka kwa Kijerumani, na ushauri wa kwanza unaosikia kwa ndugu ni kwamba fulani anajua Kijerumani vizuri, afasiri yeye, kisha mtafute mtu wa kugonga muhuri. Mimi naupinga ushauri huo kabisa.

Anza na cheti cha kuzaliwa. Vyeti vingi vya kwetu vimeandikwa kama maelezo marefu, tarehe zikiwa kwa maneno. Tarehe inayotangulia juu kabisa ni ya siku mzazi alipofika mbele ya afisa kuandikisha. Siku ya kuzaliwa inakuja chini, katikati ya sentensi. Asiyezoea karatasi hizi huchukua ile ya juu, na mtoto anajikuta na umri mwingine usiolingana na pasipoti.

Kisha majina. Tuseme cheti kinasema Mukendi Ilunga Grâce: Mukendi ni nomu, Ilunga ni postinomu, yaani jina linaloifuata nomu, na Grâce ni prenomu, jina lake binafsi. Ndugu anayefasiri kwa nia njema huiacha postinomu, au huifanya Ilunga kuwa jina la ukoo kwa sababu inafanana na jina la babu. Kwetu mtoto anaweza asichukue kabisa jina la baba yake, na afisa wa Kijerumani halijui hilo. Mfasiri aliyeapishwa huyaacha majina matatu yalivyo, kila moja na lebo yake, na pakihitajika maelezo anayaweka pembeni kama maelezo ya mfasiri, ili msomaji asiyachanganye na maneno ya cheti. Mihuri nayo anaielezea, na neno lisilosomeka analiandika kuwa halisomeki. Hakisii.

Kwenye diploma, kishawishi kikubwa ni kusaidia. Mtu amepata asilimia 58. Kwetu kufaulu kunaanzia 50, na anayefika 70 watu wanamzungumzia. Binamu anaogopa 58 itaonekana ndogo, basi anaandika alama ya Kijerumani anayoona inafanana nayo. Hapo ameshavuka mpaka wake. Kubadilisha alama ni kazi ya chuo au ya taasisi inayotathmini vyeti vya nje, na wana hesabu yao: 100 toa 58 ni 42, gawanya kwa 50, yaani umbali kutoka alama ya kufaulu hadi ya juu kabisa, zidisha kwa 3, ongeza 1. Inatoka takriban 3.5, katika mfumo ambao 1 ni bora na 4 ni ya mwisho ya kufaulu. Hesabu hiyo inaihitaji 58 yenyewe. Ukiifuta kwenye tafsiri, umemnyang'anya mtathmini kitu alichokuwa anakitafuta.

Sasa muhuri. Wengi wanachanganya vitu viwili. Mthibitishaji wa nakala anasema karatasi hii inafanana na ile halisi. Hasemi lolote kuhusu lugha. Mfasiri aliyeapishwa amekula kiapo mahakamani au mbele ya mamlaka ya jimbo, kwa lugha iliyotajwa, na anapoandika kwamba tafsiri ni sahihi na kamili, sheria ya Ujerumani ya mashauri ya madai inaichukua kuwa hivyo mpaka mtu athibitishe kinyume. Afisa hasomi Kifaransa. Anategemea jina la mtu anayeweza kuitwa kujibu, na binamu hana pa kuitwa.

Ndiyo, inagharimu, na kwa mtu aliyefika juzi ni pesa inayouma. Lakini anayeanza na tafsiri ya nyumbani kwa kawaida huishia kulipia ya pili, tena akiwa ameshapoteza nafasi ya miadi ofisini. Wafasiri wako kwenye orodha ya mahakama, justiz-dolmetscher.de, angalia kama mtu wako ameandikwa kwa Kifaransa, kwa sababu kuapishwa kwa Kiswahili hakumpi mamlaka ya kufasiri cheti cha Kifaransa. Aliyeapishwa katika jimbo moja hukubaliwa na majimbo mengine pia.

Kiapo hicho kina mwisho wake. Hakisemi kwamba cheti chenyewe ni cha kweli, na kwa hati za Kongo ofisi inaweza kuomba ubalozi wa Ujerumani Kinshasa ufanye uchunguzi kwanza, hata kama tafsiri haina dosari. Ndiyo maana nawaambia wanaoanza: maliza kukusanya mihuri yote ya nyumbani, hata hukumu ya mahakama kwa walioandikishwa kwa kuchelewa, ndipo umpelekee mfasiri. Muhuri ukigongwa baada ya tafsiri, tafsiri hiyo haiko kamili tena.