Desimali: rula ya mita itangulie fedha

Walimu wengi wanaopanga somo la desimali huanza na fedha, na wana sababu nzuri. Mtoto anaijua senti kabla hajaijua nukta. Ukimwambia kwamba senti moja ni sehemu moja ya mia, hashangai, na kujumlisha 2.35 na 1.40 kunamjia kwa wepesi.

Wepesi huo ndio unaonitia wasiwasi. Anayesoma 3.45 kama "tatu na senti arobaini na tano" ameona namba nzima mbili zilizotenganishwa na nukta. Ile 4, ambayo ni sehemu nne za kumi, imemezwa ndani ya arobaini na tano. Mpe kikokotoo agawanye 6 kwa 4. Jibu likitoka 1.5, wengine watasema ni moja na senti tano, na hapo utajua kwamba alichozoea ni kuandika bei tu, yenye tarakimu mbili baada ya nukta kila mara.

Ndiyo maana ningetanguliza mita. Kata utepe wa karatasi wa mita 1, uugawe kwa alama kila sentimita 10, kisha gawanya kila kipande mara kumi tena. Usiandike namba. Rula yenyewe ina kasoro ileile ya fedha: ikiwa na 1 hadi 100 juu yake, mtoto atasoma 35 na kuridhika.

Sasa uliza: kati ya mita 0.4 na mita 0.35, ipi ndefu? Atakayesema 0.35, kwa kuwa 35 inaizidi 4, usimsahihishe. Mwache akate vipande viwili vya uzi. Kwa 0.4 atahesabu sehemu nne za kumi; kwa 0.35 atahesabu tatu, kisha sehemu tano za mia, na uzi wake utaishia katikati ya sehemu ya nne. Kosa lake liko mkononi mwake. Aliyeandika 0.4 + 0.35 = 0.39 naye aziunganishe nyuzi hizo ncha kwa ncha: zitafika sehemu saba za kumi na nusu ya nyingine, yaani 0.75.

Baada ya hapo fedha irudi, na sasa inafaa kweli. Senti kumi zikilinganishwa na sentimita kumi za kipande kimoja, sehemu kumi za mia zinaonekana kuwa sehemu moja ya kumi, na mtoto anaelewa kwa nini 0.4 na 0.40 ni kitu kimoja. Ukitaka kumpima, mwandikie 0.125. Senti haifiki huko, lakini kwenye rula bado kuna milimita.

Kagua tu rula zenu kabla ya kipindi. Baadhi zina nafasi tupu kabla ya 0, na anayepima kuanzia ukingoni hupata jibu lenye kasoro ambalo si la desimali.