Bodaboda asilimia 12, maduka asilimia 20: nani hatari zaidi?

“Bodaboda waliokwama ni asilimia 12, wenye maduka ni asilimia 20. Hesabu nyingine ya nini?”

Aliyeuliza ni mjumbe wa bodi ya SACCOS moja hapa Moshi, baada ya afisa mikopo kuleta taarifa yenye uwiano wa hatari, yaani kundi moja linakwama kwa kasi mara ngapi ya jingine, kutoka modeli ya Cox, njia ya takwimu inayozingatia muda hadi tukio litokee. Wajumbe wengi waliunga mkono. Asilimia kila mwanachama anaielewa, hata kwenye mkutano mkuu, na chombo cha wanachama hakipaswi kuendeshwa kwa namba ambazo wenye fedha hawawezi kuzihoji. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini katika suala hili asilimia ndiyo inayopotosha, na afisa aliyeonekana kuleta mambo ya darasani ndiye aliyekuwa anawalinda.

Tuchukue namba nyepesi zinazofanana na hali ile. Mikopo ya maduka 200, iliyokwama 40. Mikopo ya bodaboda 200, iliyokwama 24. Kukwama hapa ni rejesho kuchelewa zaidi ya siku 30. Sasa tazama kitu ambacho asilimia haikionyeshi: mikopo ya maduka ni ya siku nyingi, kwa wastani kila mmoja umefuatiliwa miezi 10. Ya bodaboda ni bidhaa mpya, wastani wake ni miezi 4. Kijana aliyechukua pikipiki mwezi uliopita amehesabiwa miongoni mwa walio salama, wakati hajapata hata nafasi ya kukosea.

Badala ya kugawa kwa idadi ya mikopo, gawa kwa miezi iliyofuatiliwa. Maduka: 40 kwa miezi 2,000, yaani 0.02 kwa mwezi. Bodaboda: 24 kwa miezi 800, yaani 0.03 kwa mwezi. Ukigawa 0.03 kwa 0.02 unapata 1.5. Kundi lililoonekana salama ndilo linalokwama kwa kasi zaidi. Daftari ni lile lile, wakopaji ni wale wale. Kilichoongezwa ni muda tu.

Alichofanya David Cox katika makala yake ya mwaka 1972 ni kutuondolea hata sharti la kudhani kwamba hatari inabaki vilevile mwezi hadi mwezi. Modeli yake inasubiri tukio. Mkopo mmoja unapokwama ukiwa na miezi mitano, inauliza: miongoni mwa mikopo yote iliyofika umri huo ikiwa bado hai, kwa nini umekwama huu? Tuseme waliofika hapo ni bodaboda 60 na maduka 170. Kama makundi hayatofautiani, uwezekano kwamba aliyekwama ni bodaboda ni 60 kwa 230, kama asilimia 26. Kama hatari ya bodaboda ni mara 1.5, kila mmoja wao anahesabiwa kama mtu mmoja na nusu: 90 kwa 260, karibu asilimia 35. Modeli inapita kila tukio namna hiyo, kisha inachagua uwiano unaoyaelezea matukio yote kwa pamoja vizuri zaidi. Mkopo wa miezi mitatu unashiriki kwenye maswali ya mwezi wa kwanza hadi wa tatu, halafu unakaa kando bila kuhesabiwa mzuri wala mbaya. Hiyo ndiyo haki ambayo asilimia imeinyima mikopo michanga na mikongwe kwa pamoja.

Sasa, 1.5 inasema nini? Hapa wapinzani wana sababu ya kulalamika, kwa sababu hata wanaoitetea huisoma vibaya. Haisemi kwamba bodaboda watakaokwama ni asilimia 50 zaidi. Inasema kwamba, wakati wowote ule, kati ya wale ambao bado hawajakwama, bodaboda anakwama kwa kasi ya mara moja na nusu ya mwenye duka. Kwa kasi tulizozipata, maduka yatakayokuwa yamekwama baada ya miezi 12 ni kama asilimia 21, na bodaboda ni kama 30. Ukigawa 30 kwa 21 unapata kama 1.4. Kwa mkopo wa miezi 24 ni 38 dhidi ya 51, na hapo mgawanyo umeshuka hadi 1.35 hivi, ingawa uwiano wa hatari haujabadilika hata kidogo. Kwa hiyo afisa anayepeleka bodi uwiano peke yake, bila asilimia zinazotarajiwa mwishoni mwa mkopo, amefanya nusu ya kazi. Bodi inapanga akiba ya hasara kwa shilingi, na uwiano hauna shilingi ndani yake.

Kuna pingamizi la pili, zito kuliko hilo: matukio ni machache. Usahihi wa uwiano hautokani na idadi ya mikopo, unatokana na idadi ya waliokwama, na hapa ni 24 na 40. Kadirio la haraka linatoa mpaka wa uhakika wa asilimia 95, yaani eneo ambamo uwiano wa kweli unaweza kuwemo, kuanzia 0.9 hadi 2.5. Aliye makini atasema 1, yaani makundi kuwa sawa, imo humo ndani, basi hujathibitisha kwamba bodaboda ni hatari zaidi. Ni kweli, na afisa alipaswa kulisema hilo kwa sauti. Ila soma mpaka huo kwa upande wa pili. Bodi ilikuwa inaelekea kupandisha kiwango cha juu cha mkopo wa pikipiki kwa sababu 12 kwa 20 ni 0.6, yaani hatari pungufu kwa asilimia 40. Hiyo 0.6 iko nje kabisa ya mpaka. Takwimu hizi hazitoshi kuwahukumu bodaboda, lakini zinatosha kabisa kuzuia uamuzi uliokuwa mezani.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi ni la wakulima wa kahawa. Modeli imejengwa juu ya dhana kwamba uwiano ni ule ule mwanzo hadi mwisho wa mkopo. Mkulima wa Kibosho au Machame anayekopa Januari na kupangiwa marejesho ya kila mwezi anakaa miezi mingi bila fedha ya kahawa, kwa sababu mavuno huku kwetu huanza kama Julai na kuendelea hadi mwisho wa mwaka. Ukimlinganisha na mwenye duka, katika miezi sita ya kwanza uwiano unaweza kuwa 2.3, baada ya hapo, kahawa ikishauzwa, ukashuka hadi 0.7. Ukiiachia modeli itoe namba moja, itakupa kitu kama 1.3, na hakuna mwezi hata mmoja katika mwaka wa mkulima yule ambao hatari yake ni 1.3. Namba hiyo ikifika kwenye kamati ya mikopo, inageuka kuwa riba ya juu au mdhamini wa ziada kwa mtu ambaye tatizo lake ni kalenda ya marejesho. Mkulima anaonekana mkopaji mbaya kwa kuwa sisi tumempangia kulipa Machi.

Hilo ni kosa la anayeitumia modeli bila kuikagua, na kukagua ni mistari miwili katika programu ya takwimu ya R, ukishapakia kifurushi chake kwa `library(survival)`:

```r
m <- coxph(Surv(miezi, amekwama) ~ aina, data = mikopo)
cox.zph(m)
```

Mstari wa pili unapima kama uwiano unahama kadiri mkopo unavyokua. Thamani ya p, yaani uwezekano wa kuona uhamaji kama huo kwa bahati tu, ikiwa ndogo sana ni onyo, lakini mimi naamini zaidi mchoro wa `plot(cox.zph(m))`. Mstari wake ukilala, dhana inasimama. Ukiteremka kutoka juu kwenda chini, kama wa wakulima, unajua kuna namba mbili zilizofungwa ndani ya moja. Basi zitenganishe: igawe rekodi ya kila mkopo kwenye mwezi wa sita kwa `survSplit`, toa uwiano wa kabla na uwiano wa baada. Hii inakubali pale ambapo mikopo yote ilitolewa msimu mmoja. Kama wengine walikopa Januari na wengine Septemba, mwezi wa sita wa mkopo hauangukii msimu mmoja kwa wote, na hapo modeli inapaswa kuambiwa, mwezi kwa mwezi, kama ni msimu wa mavuno au la. Asilimia ya mwisho wa mwaka isingekuonyesha lolote kati ya haya. Ingekupa jumla moja, na hakuna mstari wa kuikagua.

Miguel Hernán, mtaalamu wa epidemiolojia, aliandika mwaka 2010 onyo jingine linalotugusa moja kwa moja. Wakopaji dhaifu wa kundi lenye hatari huanguka mapema, hivyo wanaobaki mwezi wa tisa ni wale imara, na uwiano unaweza kushuka kuelekea 1 hata kama mazingira ya kundi hayajabadilika. Anayeona uwiano wa bodaboda umeshuka baada ya miezi minane asikimbilie kusema wamejifunza kulipa. Huenda wasioweza wameshatoka. Ndiyo maana naona michoro ya mikopo iliyobaki salama mwezi hadi mwezi, kundi kwa kundi, ikae ukurasa mmoja na uwiano. Kila mjumbe anaweza kuisoma kwa kidole, na hoja ya wanachama kuhoji namba zao inapata jibu la kweli.

Limebaki jambo ambalo kompyuta haiwezi kuligundua. Modeli inaamini kwamba mkopo uliotoka kwenye hesabu kabla ya kukwama ulitoka kwa sababu isiyohusiana na hatari yake. Mkopo mchanga tu hauna shida. Umeishia hapo kwa sababu tarehe ya taarifa imefika. Lakini afisa anapomwona mkopaji anayumba, akampangia upya marejesho, kisha mkopo ule ukafungwa daftarini na kufunguliwa mwingine, waliokuwa karibu kuanguka wanaondolewa kimyakimya. Dalili yake utaiona ukifungua daftari lenyewe: namba ya mwanachama ile ile, mkopo wa zamani umefungwa tarehe 14, mpya umefunguliwa tarehe 14, deni ni lile lile likiwa na riba juu yake. Mikopo ya namna hiyo ikiwa mingi upande wa maduka, ambako maafisa wanawajua wateja kwa miaka, maduka yataonekana salama kuliko yalivyo na bodaboda wataonekana wabaya kuliko walivyo. Dawa ni kuendesha hesabu mara mbili, mara moja mikopo hiyo ikichukuliwa kuwa imetoka salama, na mara ya pili ikihesabiwa kuwa ilikwama siku ilipopangwa upya. Kama 1.5 ya kwanza inashuka hadi 1.1 katika ya pili, bodi ipewe zote mbili kabla ya kugusa masharti ya mkopo wa pikipiki, na swali linalofuata liende kwa maafisa wa maduka.