Simu inajua jua limepinduka, haijui khatibu anapanda saa ngapi

Siku ya Ijumaa ugenini, wasafiri wengi Waislamu wanafanya kitu kilekile. Wanafungua programu ya nyakati za swala, wanaona Adhuhuri imeandikwa 12:24, wanatafuta msikiti ulio karibu kwenye ramani, kisha wanatoka dakika chache kabla. Kwa swala tano za kila siku sina ugomvi na utaratibu huo, maana ukichelewa jamaa utasali peke yako na swala yako ni ileile. Ijumaa si hivyo. Ina khutba, ina jamaa, na ikikupita unarudi kwenye Adhuhuri.

Programu zile zinapiga hesabu ya jua tu. Adhuhuri inaingia jua linapopinduka kutoka katikati ya mbingu, na saa ya kupinduka inategemea ulipo kutoka mashariki kwenda magharibi: kila digrii moja ya longitudo ni dakika 4. Kwa hiyo kama simu bado imeshikilia mji uliotoka, nawe umesafiri digrii 5 kuelekea magharibi bila kubadili majira ya saa, inakupa Adhuhuri dakika 20 kabla haijaingia. Hilo la kwanza kulitazama, na kurekebisha ni kazi ya dakika moja: hakikisha jina la mji lililoandikwa juu ya ratiba ni la mji uliomo.

Lakini hata ikiwa sahihi kabisa, 12:24 inakwambia wakati umeingia, basi. Lini khatibu anapanda mimbari ni uamuzi wa kamati ya msikiti. Kuna misikiti inayoanza khutba mara tu baada ya adhana. Mingine imeweka saa moja ya kudumu, tuseme saa saba na robo, ili watu watoke kazini. Misikiti yenye watu wengi na nafasi ndogo husalisha mara mbili, jamaa ya kwanza na ya pili. Na kwenye nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma, kama za Ulaya zinavyofanya Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, msikiti mmoja unaweza kuwa na saa mbili tofauti za khutba kwa mwaka. Tangazo la Januari ukilifuata mwezi wa Julai, utafika mapema mno au umechelewa.

Upande wa mahali kuna mtego wake. Chukulia umefika mjini Alhamisi alasiri na basi lako linaondoka Ijumaa saa tisa mchana. Ramani inakuonyesha alama tatu. Ya kwanza iko mita mia mbili tu kutoka ulipofikia. Ukitazama picha unaona chumba kimoja ndani ya jengo la ofisi, mikeka imetandikwa, hakuna mimbari. Hiyo ni msalla. Watu wanasali hapo Adhuhuri na Alasiri, na Ijumaa huenda mlango umefungwa kwa kuwa wote wamekwenda msikiti wa Ijumaa. Ya pili ina jina la msikiti, ila maoni ya watu yanazungumzia darasa za watoto na vyeti vya ndoa. Yaonekana ni ofisi ya jumuiya. Ya tatu iko mbali zaidi, ina picha za safu za waumini zilizofika hadi uani, na kile kigrafu cha shughuli za mahali kinapanda Ijumaa mchana kuliko siku nyingine zote. Hapo ndipo.

Hata hapo usimalize. Majina kama Taqwa, Nur na Quba yako kila mahali, na si ajabu mji mmoja ukawa na misikiti miwili yenye jina moja. Soma jina la mtaa, usisome jina la msikiti peke yake. Kisha kuza ramani uone lango liko barabara gani. Alama mara nyingi imewekwa katikati ya kiwanja, na ramani inakupeleka barabara iliyo karibu na alama, ambayo inaweza kuwa ya nyuma, penye ukuta mtupu. Kwa wanawake ni muhimu zaidi, kwa sababu mlango wao aghalabu ni mwingine na haupo kwenye ramani hata kidogo. Wakati mwingine nafasi ya wanawake ipo siku zote isipokuwa Ijumaa, inapochukuliwa na wanaume waliozidi. Hilo huwezi kulijua bila kuuliza.

Sasa maoni yangu. Badala ya kupekua mitandao saa nzima, kasali Isha kwenye msikiti huo usiku wa kuamkia Ijumaa. Utakuwa umejua njia, umeona lango, umejua pa kutawadhia, na umepima mwendo kwa miguu yako. Ubao wa nyakati za ikama utauona kwa macho. Halafu, swala ikiisha, muulize muadhini au mzee yeyote wa safu ya mbele. Hao ndio wanaojua kama wiki hii kuna mabadiliko.

Uliza vizuri lakini. Ukiuliza "Ijumaa saa ngapi?" mmoja atakutajia adhana, mwingine atakutajia swala yenyewe, na kati ya hizo mbili inaweza kupita nusu saa au zaidi. Uliza: "Shekhe, kesho khatibu anapanda saa ngapi, na watu hutoka saa ngapi?" Swali la pili ndilo la mwenye basi la saa tisa. Ukijibiwa kwa ujumbe wa simu "1:15", thibitisha kwamba ni saa saba na robo mchana. Watu wawili wanaosoma saa kwa namna mbili wanaweza kuagana vizuri na wasikutane.

Ukishindwa kufika usiku, piga simu. Ukishindwa na hilo, itakubidi utegemee picha ya ubao iliyowekwa mtandaoni, na kuna namna ya kuipima. Tazama saa ya Magharibi kwenye ubao, ilinganishe na Magharibi ya leo kwenye simu. Ikama ya Magharibi hufuata adhana kwa dakika chache, kwa hiyo pengo likiwa saa nzima, picha ile ni ya msimu mwingine na saa ya khutba iliyoandikwa hapo usiiamini. Kipimo hiki kinafanya kazi vizuri mbali na ikweta. Karibu na ikweta machweo hayasogei sana mwaka mzima, takriban nusu saa kwa jumla, hivyo ubao wa zamani unaweza kuonekana mpya.

Na ukifika khutba imekwisha? Ukiwahi rukuu ya rakaa ya pili pamoja na imamu, kwa wanazuoni wengi umeipata Ijumaa: akitoa salamu unasimama unaongeza rakaa moja. Ukiikuta rukuu hiyo imepita, wengi wanasema unakamilisha kama Adhuhuri. Wahanafi wao wanakuhesabia Ijumaa hata ukijiunga kabla tu ya salamu. Tena kwa msafiri asiyekusudia kukaa, madhehebu manne hayamlazimishi Ijumaa, anaweza kusali Adhuhuri. Kwa hiyo kama mpaka saa nne asubuhi hujapata jibu la uhakika na basi ni la saa tisa, sioni sababu ya kuzungukazunguka mjini na mizigo ukitafuta mnara.